Intavyu Jumatano saa tatu: dua gani fupi nisome kabla ya kuingia, na nisubiri vipi nikishatoka?

BintiMtongwe (Jumapili, saa 3 usiku)

Assalam aleikum jamani, na wasio Waislamu hamjambo. Nimeitwa intavyu Jumatano hii saa tatu asubuhi, kazi ya karani wa stoo katika godauni moja huko Shimanzi. Ni intavyu yangu ya nne tangu nimalize diploma, na tatu za kwanza nilizivuruga kwa sababu ile ile. Nikishaketi mbele ya watu, ulimi unakuwa mzito kama nimetiwa kokwa la embe mdomoni.

Mamangu amenipa kitabu cha dua, kinene, nikikifungua sijui nianzie wapi. Nataka mbili tatu tu, fupi, ninazoweza kuzishika kwa siku hizi tatu. Moja ya kabla ya kuingia, na moja ya zile siku za kungojea simu, maana huko ndiko ninakoumia zaidi. Naangalia simu mpaka saa nane za usiku, kana kwamba kuna ofisi inayopigia watu saa nane.

Na jambo jingine, msinicheke. Jumatano nitakuwa kwenye siku zangu, kwa hivyo rakaa mbili za kuomba haja sitaweza kuswali. Ndiyo basi?

Kaka_Tudor (saa 3 na robo)

Dada usiwe na wasiwasi. Soma Suratul Waaqia kila usiku, riziki itakutafuta yenyewe. Kisha usiku wa Jumanne fanya istikhara, ile ya kumwomba Allah akuchagulie lenye kheri, ulale kwa ubavu wa kulia. Ukiota cheupe au kijani, kazi ni yako. Ukiota chekundu au cheusi usiende hata hiyo intavyu, utapoteza nauli bure.

Na kombe pia. Babu yangu alikuwa akiandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaosha kwa marashi ya waridi na maji, unakunywa kabla hujatia kitu tumboni. Mimi nilikunywa nikapata kazi yangu ya kwanza.

Foklifti_Man (saa 3 na nusu)

Godauni gani hiyo Shimanzi? Wanachukua na madereva wa foklifti? Leseni ninayo.

Chairman_Bangladesh (saa 3 na dakika 40)

Intavyu nimeenda kumi na moja mimi. Nimeomba zote. Dua ya kweli ni kuwa na mjomba ndani. Lakini haya, endeleeni, nasoma.

Maalim_Kibokoni (saa 5 usiku)

Wa aleikum salaam binti yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana nadhani ndilo linalokukosesha raha. Mwanamke akiwa kwenye siku zake haswali, lakini dua na dhikri hazina kizuizi chochote. Tena zile dua zilizo aya za Qur'ani, kwa sisi wa madhehebu ya Shafi huku pwani, ukizisoma kwa nia ya kuomba na si kwa nia ya kusoma Qur'ani, haina neno. Kwa hivyo hujafungiwa mlango.

Sasa umesema ulimi ni mzito. Basi dua yako imeshasemwa zamani na mtu aliyekuwa na shida yako hasa. Nabii Musa alipoamrishwa aende kwa Firauni, hakuomba Firauni awe mpole. Alianza kwa kuomba vitu vinne, vyote juu ya nafsi yake mwenyewe, viko katika Suratu Twaha kuanzia aya ya 25:

*Rabbish-rah lii swadrii, wayassir lii amrii, wahlul uqdatan min lisaanii, yafqahuu qaulii.*

Maana yake: Mola wangu, nikunjulie kifua changu, na unifanyie nyepesi kazi yangu, na ulifungue fundo lililo katika ulimi wangu, wapate kufahamu maneno yangu. Angalia mpangilio. Kifua kinatangulia, ulimi unakuja wa tatu. Ulimi haufunguki kifua kikiwa kimebana. Kwa hivyo usiisome mbio mbio kama anayehesabu pesa. Kila kipande kipe pumzi yake: vuta pumzi, sema kipande, iache itoke. Vinne hivyo havifiki nusu dakika. Soma mara moja kwa utulivu nje ya mlango, inatosha. Ukizisahau zile herufi za Kiarabu, sema kwa Kiswahili. Musa mwenyewe hakuwa Mwarabu.

Ya pili utaisoma njiani, na hii nakupa kwa sababu ni dua ya mtu asiye na kazi. Musa huyo huyo, kabla ya mambo ya Firauni, alikimbia Misri akafika kisimani Madyan hana nyumba, hana chakula, hana anayemjua. Akawakuta wasichana wawili wamezuia wanyama wao, wanangoja wachungaji wanaume waondoke. Akawanyweshea, kisha akarudi kivulini akasema:

*Rabbi innii limaa anzalta ilayya min khairin faqiir.*

Mola wangu, mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia. Ni Suratul Qasas, aya ya 24. Hakutaja kazi wala hakutaja mshahara. Baada ya hapo akaja mmoja wa wale wasichana, anatembea kwa haya, akamwambia baba anakuita. Alipofika huko, msichana akamwambia babake, muajiri huyu, maana mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Akapata kazi ya miaka minane, na akitaka kumi. Lakini tazama kilichotangulia dua: alikuwa ameshanyweshea wanyama wa watu. Wale walimwona akifanya kazi kabla hajaomba kazi.

Kaka Tudor, usinichukie. Suratul Waaqia ni sura tukufu, asome. Lakini ile hadithi kwamba anayeisoma kila usiku hapatwi na ufukara, wanazuoni wa hadithi wameitia udhaifu, kwa hivyo tusimwambie mtu kwamba haikosei. Na istikhara, katika hadithi ya Jabir iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari, hakuna ndoto, hakuna rangi, hakuna ubavu. Ni rakaa mbili na dua. Mtu akikosa kwenda kwenye intavyu kwa sababu ameota kanga nyekundu, amejinyima mwenyewe.

Kombe sitaki kulifungulia mlango leo, wazee wetu wamelifanya na wapo wanaolikataa. Ninachosema ni kuwa tumbo lisilozoea zafarani lisijaribiwe asubuhi ya intavyu.

Kaka_Tudor (saa 5 na dakika 10)

Maalim nimekusikia, lakini mimi niliota kijani na nikapata. Hilo utanipinga vipi?

Maalim_Kibokoni (saa 5 na dakika 20)

Sikupingi kuwa uliota, wala kuwa ulipata.

Mama_Kwaya (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Mwanangu, mimi ni Mkatoliki wa Changamwe, lakini hili la kuogopa mbele ya meza halina dini. Kwetu nawafundisha vijana wa kwaya sala fupi kuliko zote katika Biblia. Ni fupi hivi kwamba maneno yake hayakuandikwa.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Alisikia kuwa Yerusalemu ni magofu, akahuzunika, mfalme akaiona huzuni usoni pake akamuuliza. Nehemia anasema mwenyewe kuwa aliogopa sana. Mfalme akamwuliza, una haja gani? Hapo, kati ya swali na jibu, imeandikwa kwamba alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Ni sura ya 2, mstari wa 4. Hakupiga magoti wala hakufumba macho. Mfalme hakujua kama kuna sala iliyopita pale.

Ila watu wakiihubiri hii huacha sehemu mbili. Ya kwanza, sura ya 1 inaonyesha kuwa alikuwa ameomba na kufunga tangu mwezi wa Kisleu, na hapa kwa mfalme ni Nisani. Hiyo ni kama miezi minne. Sala ya sekunde moja ilikuwa imeegemea miezi minne. Ya pili, mfalme alipouliza safari itachukua muda gani, Nehemia alitaja muda. Akaomba barua za kupita kwa watawala, na nyingine kwa Asafu mlinzi wa msitu wa mfalme, ampe miti ya milango na ya ukuta. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya mbao! Kwa hivyo wewe nenda ukijua mwajiri anauza nini, stoo ina nini, na utataja mshahara wa kiasi gani ukiulizwa unataka kiasi gani.

Ukitaka maneno, wale wa kwetu husema Zaburi ya 19, mstari wa 14: Maneno ya kinywa changu, na mawazo ya moyo wangu, yapate kibali mbele zako, Ee Bwana, mwamba wangu, na mwokozi wangu.

Karani_Mstaafu (Jumatatu, saa 4 asubuhi)

Nimekaa upande wa pili wa hiyo meza miaka mingi, nikiandika alama. Ya Maalim na ya Mama ni mazuri. Mimi nitasema jinsi sala inavyoonekana kwetu sisi tunaoulizia.

Mtu akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, hakuna anayemkata alama. Tunadhani anafikiri. Kwa hivyo ile ya Nehemia inaingia vizuri kabisa. Lakini niliwahi kuona vijana, Waislamu na Wakristo, midomo inatembea wakati swali bado linaulizwa. Mmoja alikuwa na tasbihi chini ya meza, anahesabu. Tulimwuliza kuhusu vocha za malipo akajibu kuhusu likizo, kwa sababu hakusikia. Mtu mzuri, alikosa kwa hilo tu. Swali likianza, acha kuomba, sikiliza. Likiisha, hapo ndipo penye nafasi yako.

Na jingine. Usitangaze. Wengine wakiulizwa udhaifu wako ni nini, husema namtegemea Mungu. Tunabaki hatuna la kuandika.

BintiMtongwe (Jumatatu, saa 2 usiku)

Allah awalipe nyote. Ile ya Twaha nimeshaishika, nimeisoma nikikosha vyombo. Ya kisimani naichanganya, "limaa anzalta" inaniponyoka. Nitaisema kwa Kiswahili kwenye feri.

Foklifti_Man (Jumatatu, saa 2 na nusu usiku)

Dada hujanijibu.

BintiMtongwe (Jumatano, saa 10 jioni)

Nimetoka. Wacha niwaeleze yote.

Nimevuka feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wamejaa, mwenye kuku, mwenye baiskeli, na mimi na faili yangu kifuani isilowe. Nikasema ile ya kisimani kwa Kiswahili, taratibu, mimi ni mhitaji wa kheri yoyote. Nikajikuta nalia kidogo, nikajifanya ni upepo.

Shimanzi nimefika saa mbili kasoro. Tulikuwa tisa. Wa kabla yangu alitoka anatikisa kichwa. Nikasimama kando ya mlango nikaanza ile ya Twaha, pumzi kwa pumzi kama alivyosema Maalim. Nilipofika "min lisaanii" wakaita jina langu, kile kipande cha mwisho sikukisema. Nikaingia nacho hivyo hivyo.

Swali la kwanza, tueleze juu yako. Ulimi ukaanza ule mchezo wake. Nikanyamaza. Nikamalizia pale pale moyoni, wapate kufahamu maneno yangu, nikaanza na jina na mahali nilikosoma. Sikusema vizuri sana lakini nilifika mwisho wa sentensi, ambalo kwangu ni jambo geni.

Kisha mzee mmoja mwenye miwani akaniuliza: umehesabu magunia ya mchele ni 480, karatasi ya mzigo inasema 500, na mkubwa wako anakwambia andika 500 lori liondoke. Utafanya nini? Wallahi nilimkumbuka yule msichana wa Madyan na "mwenye nguvu na mwaminifu". Nikasema nitahesabu tena mbele ya dereva, ikiwa bado ni 480 nitaandika 480, nitaandika na upungufu wa 20, na dereva na mimi tutie sahihi. Mkubwa akitaka 500 aandike kwa mkono wake. Mzee akaandika kitu. Sikuona ni nini.

Wamesema watapiga simu ndani ya wiki mbili. Sasa ndiyo naingia kwenye ile sehemu ninayoiogopa.

Karani_Mstaafu (saa 11 jioni)

Jibu la 480 ni zuri. Hilo la kuhesabu tena mbele ya dereva ndilo wengi hulisahau, huruka moja kwa moja kwenye uaminifu.

Kaka_Tudor (saa 12 jioni)

Mashallah. Sasa anza istikhara kila usiku siku hizi za kusubiri, uwasukume wakupigie. Kama huwezi kuswali fanya ile dua tu, nimesikia inafaa.

Maalim_Kibokoni (saa 3 usiku)

Kaka Tudor leo umepatia nusu. Ni kweli, Imamu Nawawi amesema aliyezuiwa kuswali anaweza kuleta istikhara kwa dua peke yake. Lakini istikhara si ya kumsukuma mtu. Hadithi inaanza kwa kusema, mmoja wenu akikusudia jambo. Ni ya mtu mwenye uamuzi mkononi. Binti hapa hana uamuzi, uamuzi uko kwa mzee mwenye miwani. Wakimpigia wakampa barua, na huku kuna kazi nyingine imemwita, hapo istikhara ina mahali pake.

Ila ndani ya dua ile ile kuna kipande cha mwisho ambacho kinamfaa kabisa anayengoja, na kinaweza kusomwa kama dua ya kawaida:

*Waqdur liyal khaira haithu kaana, thumma ardhinii bih.*

Unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Mambo mawili yameombwa hapa. La kwanza ni kheri, na haikufungwa Shimanzi. La pili ni moyo wa kuipokea itakapokuja, maana mtu anaweza kupewa kheri akaikasirikia. Isome mara moja kila unapotaka kuishika simu usiku. Fanya hiyo ndiyo kufuli ya simu.

Na uichunge dua yako na kitu kimoja. Katika Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mtu hujibiwa madamu hajaharakisha, akasema nimeomba na sikujibiwa. Kuuliza "mbona hawajapiga" siku ya tatu kumo humo humo.

Ukhti_Mkomani (saa 3 na nusu usiku)

Maalim kwa heshima, mimi nilifundishwa kuwa hata kungoja ni jambo, na mtu anaweza kuleta istikhara aendelee kungoja au atafute kwingine. Huo si uamuzi?

Maalim_Kibokoni (saa 4 usiku)

Hapo unayo hoja, dada yangu. Akiwa kweli anachagua kati ya hayo mawili, sawa. Lakini kwa nini achague? Angoje na atafute.

Mama_Kwaya (Alhamisi asubuhi)

Sisi siku za kungoja tunazipa hesabu, tunaita novena, siku tisa. Mitume walikaa wakisali tangu Bwana alipopaa mpaka Pentekoste, ndiyo asili ya ile tisa. Watafuta kazi wengi humwomba Mtakatifu Yosefu, seremala. Sikukuu yake kama mfanyakazi ni tarehe 1 Mei, aliiweka Papa Pio wa Kumi na Mbili mwaka 1955.

Faida ninayoiona mimi ni kuwa siku zinakuwa na umbo. Leo ni ya nne, kesho ya tano. Ubaya wake ni kuwa wengine siku ya kumi huona Mungu amevunja ahadi, kana kwamba tisa ni mkataba. Mwanangu mwenyewe aliacha kanisa mwaka mzima kwa hilo. Kwa hivyo huwa nawaambia, ukimaliza tisa, soma Zaburi ya 27, mstari wa mwisho: Umngoje Bwana, uwe hodari, upige moyo konde, naam, umngoje Bwana. Amesema umngoje mara mbili katika mstari mmoja. Nadhani aliyeandika naye alikuwa amechoka.

BintiMtongwe (Jumanne ya wiki ya pili, saa 7 mchana)

Jamani naombeni msaada wa haraka. Kuna mwanaume amenipigia, nambari siijui. Anajua jina langu, anajua nilienda Shimanzi Jumatano. Anasema faili yangu iko juu, imebaki kipimo cha daktari tu, nitume elfu nane kwa M-Pesa kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mamangu anasema ndiyo majibu ya dua hayo, anataka kwenda kukopa kwenye chama. Mimi moyo unakataa lakini naogopa kuikataa riziki.

Chairman_Bangladesh (saa 7 na dakika 4)

Lipa. Kila mtu analipa. Mimi sikulipa ndiyo maana niko hapa.

Karani_Mstaafu (saa 7 na dakika 6)

USITUME. Chukua ile barua uliyoitiwa intavyu. Ina nambari ya ofisi. Piga hiyo, si ile aliyokupigia. Uliza kama kuna mtu ametumwa kupiga simu. Mwajiri akitaka kipimo anakwambia kwa barua uende hospitali gani, na hospitali ndiyo unayoilipa, si mtu kwenye simu. Kujua jina lako si ajabu. Mlikuwa tisa, mliandika majina na nambari kwenye daftari la getini, daftari limelala wazi mezani.

Maalim_Kibokoni (saa 7 na dakika 30)

Fanya alivyosema Karani. Na mwambie mamako, kwa adabu, kuwa kwa saa kama hii ipo dua aliyoipokea Sayyidna Ali, imo kwa Tirmidhi, naye alimpa mtu aliyelemewa na deni:

*Allahummak-finii bihalaalika an haraamik, wa aghninii bifadhlika amman siwaak.*

Ewe Mola, nitosheleze kwa halali yako niepukane na haramu yako, na unitajirishe kwa fadhila zako nisimhitaji asiyekuwa wewe. Kama yule ni tapeli, umeokoka. Na kama kweli ni mtu wa ndani anayetaka hongo, basi mtoaji naye amelaaniwa pamoja na mpokeaji, na mshahara utakaokula utaanzia hapo.

Chairman_Bangladesh (saa 7 na dakika 41)

Maalim, na asiye na chakula leo?

Maalim_Kibokoni (saa 8 mchana)

Ni swali gumu, ndugu yangu. Wapo wanazuoni waliomruhusu mtu kutoa ili apate haki yake iliyozuiwa, na dhambi ikawa ya mpokeaji. Lakini hiyo ni haki iliyokwisha thibiti. Nafasi ambayo watu tisa wanaigombea si ya mmoja wao bado. Njoo msikitini tuzungumze, si hapa.

BintiMtongwe (saa 9 alasiri)

Nimepiga ile ya kwenye barua. Mama aliyepokea ameniambia hakuna aliyepigiwa, bado wanakaa kikao, na mimi ni wa tatu kuuliza leo. Watatu! Yule mwanaume nimemwambia sina, akanitukana akakata.

Mamangu ameketi kimya jikoni. Ile dua ya halali nimemwandikia kwa kalamu ya wino nikabandika juu ya mtungi.

BintiMtongwe (Jumamosi ya wiki ya tatu, saa 2 usiku)

Wiki mbili zimepita, na siku tatu juu yake. Hawajapiga. Jana nilipiga mimi, kama Karani alivyonishauri kwa ujumbe, ningoje muda wao upite kwanza ndipo niulize mara moja tu. Wamesema wamechukua mtu mmoja, na jina langu limewekwa akiba wakifungua stoo ya pili. Sijui kama ni kweli au ni maneno ya kumpoza mtu.

Nimelia, siwadanganyi. Nikaanza, lau ningesema hivi kwenye lile swali la kwanza, lau ningevaa lile buibui jingine. Mamangu akanikatiza, akaniambia sema *qaddarallahu wa maa shaa-a fa'al*, Mungu amekadiria na alitakalo hulifanya, na "lau" uiache, inamfungulia shetani mlango. Kumbe hiyo alikuwa nayo siku zote na hakuiona kwenye kile kitabu kinene.

Usiku nimelala saa nne. Simu niliiacha sebuleni. Jumatatu napeleka barua mahali kwengine, Changamwe.

Ukhti_Mkomani (saa 2 na nusu usiku)

Ya "lau" imo katika hadithi ya Muslim, na mwanzo wake ni pupia lile linalokufaa na umtake Allah msaada, wala usishindwe. Mamako ni maalim kuliko sisi.

Kaka_Tudor (saa 3 usiku)

Lakini hukunywa kombe.

Foklifti_Man (saa 3 na dakika 10 usiku)

Poleni. Naomba kuuliza tu, hiyo godauni kama wanafungua stoo ya pili, watahitaji foklifti au vipi?

BintiMtongwe (saa 3 na dakika 20 usiku)

Nisamehe kaka, nilikusahau tangu siku ya kwanza. Sikusikia wakitaja foklifti, lakini niliiona moja uani imepaki na hakuna aliyekuwa juu yake. Andika barua uipeleke mwenyewe, ni lile geti la buluu ukitoka kwenye barabara ya malori, uliza ofisi ya juu. Ukiandika jina lako getini, nambari ya simu usiiandike, sema utaiacha ofisini. Na ukiwa njiani soma ile ya kisimani.